Silinda ndani ya nusu pipa: jinsi ya kupata kipindi cha bembea yake

Chukua pipa la lita 200 lililopasuliwa katikati kwa urefu wake, lile ambalo watu hunyweshea ng'ombe au hugeuza jiko la nyama choma. Lilaze mgongo chini, kisha weka ndani yake kipande cha chuma cha mviringo kilichojaa. Kisukume kidogo upande mmoja ukiachie. Kitateremka, kitapita chini kabisa, kitapanda upande wa pili, kitarudi. Swali ni moja tu: kwenda na kurudi mara moja kunachukua muda gani?

Swali hili huwaangusha wanafunzi wengi wa fizikia, wakiwemo wanaojua vizuri kanuni za nishati. Huwaangusha mahali pamoja hasa, nami nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine. Halafu nitaonyesha njia ya kulijibu kwa macho, bila saa, kwa uzi na nati moja.

Vitu utakavyohitaji

Nusu pipa ambalo tayari limepasuliwa. Usianze kupasua pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au kemikali. Mvuke uliobaki ndani hulipuka mara moto wa gesi au cheche za mashine ya kukatia zinapoufikia, hata kama pipa linaonekana kavu.

Kipande cha shafti ya chuma kilichojaa, kipenyo cha sentimita 4, urefu wa sentimita 20 hivi. Urefu huo una sababu. Pipa lina mikunjo miwili inayolizunguka, na kwa ndani mikunjo hiyo ni mifereji. Chuma chako kinatakiwa kibembee katikati ya mikunjo hiyo kwenye bati lililo laini, bila ncha zake kudumbukia kwenye mfereji. Kata ncha zote mbili ziwe pembe mraba na mhimili, na ukipata fundi wa kuzisawazisha kwa mashine, bora zaidi.

Utahitaji pia bomba la chuma la kipenyo cha nje sentimita 4.8, urefu uleule, kwa jaribio la pili. Ongeza rula, pima maji, chaki, uzi usionyumbuka, nati ndogo, na mchanga au matofali ya kulishikilia pipa.

Mtu atauliza kama karai lingefaa. Kwa kazi hii halifai. Karai limepinda pande zote, kwa hiyo silinda ndani yake hugusa kwa kingo za ncha zake tu, siyo kwa urefu wake wote, na hesabu inakuwa nyingine kabisa. Tunataka bakuli lililopinda upande mmoja tu, kama mfereji.

Kulipanga pipa

Nusu pipa likiwekwa sakafuni hubembea lenyewe. Hili ni kosa la kwanza la kuzuia, kwa sababu pipa linalocheza hunyonya nishati ya chuma na kubadilisha kipindi chake. Lizike kwenye mchanga hadi theluthi ya kimo chake, au libane kwa matofali pande zote mbili, kisha lisukume kwa mkono. Likitikisika hata kidogo, ongeza mchanga.

Weka pima maji ndani, kando ya urefu wa pipa. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, chuma kitakuwa kinabembea huku kikihama polepole kuelekea ncha iliyo chini, mwishowe kitakaa mshazari na kusugua ukuta. Angalia pia mshono wa pipa, ule mstari wa kulehemu unaokwenda kwa urefu. Usiuache uwe chini kabisa. Uwe juu ubavuni, mbali na njia ya chuma.

Kupima R, nusu kipenyo cha pipa

Hapa usichukue namba ya pipa zima. Bati likipasuliwa hujilegeza, nusu pipa hupanuka kidogo, na mkunjo wake hauwi tena ule wa mwanzo. Isitoshe, kwa bembea ndogo ni mkunjo wa chini kabisa pekee unaohusika.

Kata kipande cha mbao kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 30.0. Kilaze kimkingamo ndani ya pipa, ncha zake mbili ziguse bati pande mbili, kiwe sawa kwa pima maji. Sasa pima kina kutoka ukingo wa chini wa mbao hadi bati lilipo chini kabisa. Urefu wa mbao tuuite c, kina tukiite s:

```
R = c²/(8·s) + s/2
```

Tuseme umepata s = 4.25 cm. Basi R = 900/34 + 2.125, yaani 28.6 cm. Pima kwa makini, maana kosa la milimita moja kwenye s hubadilisha R kwa karibu nusu sentimita. Rudia sehemu tatu tofauti kati ya mikunjo, uchukue wastani.

Nusu kipenyo cha shafti ni r = 2.0 cm. Kitovu cha shafti hakitembei kwenye bati. Kinatembea juu ya bati kwa umbali wa r, kwa hiyo kinachora tao lenye nusu kipenyo R − r, ambayo hapa ni 26.6 cm. Namba hii ndiyo itakayotumika kila mahali, siyo 28.6.

Mahali wengi wanapoanguka

Chuma kinafanya mambo mawili kwa pamoja: kitovu chake kinasafiri, na chenyewe kinazunguka. Kasi ya kitovu ni rahisi. Ikiwa pembe kati ya wima na mstari unaotoka kitovu cha pipa kwenda kitovu cha chuma ni θ, na pembe hiyo inabadilika kwa kasi q, basi v = (R − r)·q.

Kasi ya kuzunguka je? Wengi hufikiri hivi: chuma kinabingirika bila kuteleza, kwa hiyo urefu wa bati uliopitwa, Rθ, ni sawa na urefu wa ngozi ya chuma iliyogusa, na pembe iliyozungukwa ni Rθ/r. Inaonekana sawa kabisa. Lakini si sawa.

Fikiria chuma kinene ambacho r yake inakaribia R, kinajaza pipa karibu lote. Hakiwezi kubingirika hata kidogo, kimekaa tu. Lakini kanuni ya Rθ/r inadai kwamba kinazunguka kwa pembe θ. Kuna kitu kimesahaulika.

Kilichosahaulika ni kwamba Rθ/r ni pembe inayohesabiwa kutoka mahali chuma kinapogusa bati, na mahali hapo penyewe panahama. Wakati chuma kinapanda ukuta kwa pembe θ, sehemu ya mguso nayo inageuka kwa pembe θ, kinyume na upande chuma kinakozungukia. Kwa hiyo mzunguko halisi, ule unaouona ukisimama pembeni, ni Rθ/r ukitoa θ:

```
pembe halisi = (R − r)·θ / r
ω = (R − r)·q / r = v / r
```

Usinikubalie kwa maneno tu. Kwa chaki, chora mstari kwenye ncha ya shafti kutoka kitovu hadi ukingoni, uelekee chini wima shafti ikiwa imetulia. Sasa iviringishe kwa mkono polepole, bila kuiachia iteleze, hadi kitovu chake kifike θ = 30°. Kanuni ya kwanza inasema mstari utakuwa umezunguka 429°, yaani duara moja na 69° zaidi. Ya pili inasema 399°, duara moja na 39°. Tofauti ni 30° kamili, na protrakta ya mwanafunzi inatosha kuamua. Mstari utasimama karibu na 39°.

Kuna njia fupi zaidi ya kulikumbuka hili. Kwa kitu chochote kinachobingirika bila kuteleza juu ya kitu kilichotulia, kasi ya kitovu ni r mara kasi ya mzunguko, iwe sakafu imenyooka au imepinda. Ukianza na v = r·ω hutapotea.

Hesabu yenyewe

Ugumu wa kukizungusha kitu, momenti ya inesha, tuuandike I = k·m·r². Namba k inaeleza jinsi chuma kilivyosambaa kutoka kwenye mhimili: kwa silinda iliyojaa ni ½, kwa gamba jembamba ni 1. Nishati yote, m ikiwa masi ya chuma na g mchapuko wa uvutano wa dunia, ni hii:

```
E = ½·m·v² + ½·k·m·r²·ω² + m·g·(R − r)·(1 − cos θ)
```

Weka ω = v/r. Ile r² inafutika, na sehemu mbili za mwanzo zinaungana kuwa ½·(1 + k)·m·v². Maana yake ni nzuri sana: kwa upande wa uzito chuma kina masi m, lakini kwa upande wa kusogezwa kinajifanya kama kina masi (1 + k)·m. Shafti iliyojaa inatumia theluthi moja ya nishati yake ya mwendo kuzunguka, na theluthi mbili kusafiri.

Sasa linganisha na pendulamu ya kawaida, kitu kidogo kizito kinachoning'inia kwenye uzi wa urefu L. Andika nishati ya kila kimoja, kisha gawanya kila moja kwa uzito wake mara nusu kipenyo cha tao lake:

```
pendulamu:  (L / 2g)·q²               + (1 − cos θ)
silinda:    ((1 + k)(R − r) / 2g)·q²  + (1 − cos θ)
```

Ni mlinganyo uleule. Silinda ndani ya pipa inabembea sawasawa na pendulamu ya urefu

```
L = (1 + k)·(R − r)
```

Hatujasema bado kwamba pembe ni ndogo. Usawa huu ni kamili kwa pembe yoyote, mradi chuma hakitelezi. Udogo wa pembe unaingia tu tunapotaka namba ya muda:

```
T = 2π·√( (1 + k)(R − r) / g )
```

Kwa shafti yetu L = 1.5 × 26.6 = 39.9 cm. Karibu na ikweta, iwe Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, g ni kama 9.78 m/s², hivyo T = 2π·√(0.399/9.78) = 1.27 s. Bembea kumi zitachukua sekunde 12.7.

Chuma hichohicho kingeteleza bila msuguano wowote, bila kuzunguka, kipindi kingekuwa 1.04 s. Na aliyetumia ω = R·q/r angepata 1.30 s. Tofauti yake na jibu sahihi ni sehemu tatu za mia ya sekunde, na ndiyo sababu kosa lile huishi muda mrefu: chuma kikiwa chembamba, jibu lenye kosa linafanana na lililo sahihi. Kikiwa kinene halifanani tena. Kwa r iliyo nusu ya R, aliyekosea anapata kipindi kilichozidi kwa asilimia 41.

Kupima kwa saa, kisha kwa uzi

Anza na pembe ya 10°. Kwa pipa letu hiyo ni sentimita 5 za bati kutoka chini kabisa hadi mahali chuma kinapogusa. Achia bila kusukuma. Acha bembea ya kwanza ipite, kisha chuma kikipita chini kabisa kikielekea kulia, bonyeza saa ya simu na useme "sifuri". Kikipita tena chini kikielekea kulia, sema "moja". Fika kumi, simamisha. Ukipata jibu la kama 0.63 s kwa kila bembea, ulikuwa unahesabu kila kinapopita chini, kwenda na kurudi, badala ya upande mmoja tu.

Kidole kinaweza kukosea sehemu mbili za kumi ya sekunde, na kosa la ω tunalolitafuta ni la sekunde 0.33 kwa bembea kumi. Saa inatosha kwa shida. Uzi unatosha kwa raha.

Funga nati kwenye uzi, uutundike juu ya ncha ya pipa mahali unapoweza kuona nati na ncha ya shafti kwa wakati mmoja. Urefu kutoka mahali uzi ulipofungwa hadi katikati ya nati uwe 39.9 cm. Vuta nati pembeni sentimita 7, ambayo ni 10° ileile. Mtu mmoja aachie nati, mwingine shafti, kwa hesabu ya pamoja. Vitakwenda pamoja. Sasa badilisha uzi uwe 42.0 cm, urefu ambao kanuni yenye kosa inaudai, uachie tena. Ndani ya bembea kumi na mbili nati itakuwa imebaki nyuma kwa karibu theluthi ya bembea nzima. Hakuna anayehitaji saa kuliona hilo.

Ninaipenda njia hii kwa sababu mbili zaidi. Thamani ya g haihitajiki, kwa kuwa inavuta vyote viwili. Na kosa la pembe kubwa nalo linajifuta: kipindi hurefuka kwa θ²/16, ambayo ni asilimia 0.2 kwa 10°, 0.8 kwa 20° na 1.7 kwa 30°, lakini pendulamu iliyoachiwa kwa pembe ileile hurefuka vilevile. Shafti itapungukiwa na nguvu haraka kuliko nati, kwa hiyo usawa huo si kamili hadi mwisho. Ukibaki chini ya 10° tofauti hiyo huioni.

Bomba

Badala ya shafti weka lile bomba. Nje lina nusu kipenyo cha 2.4 cm, na unene wa ukuta ukiwa milimita 3, ndani ni 2.1 cm. Si gamba jembamba kabisa, kwa hiyo k yake ni:

```
k = (r1² + r2²) / (2·r2²) = (4.41 + 5.76) / 11.52 = 0.88
```

R − r sasa ni 26.2 cm, hivyo L = 1.88 × 26.2 = 49.3 cm, na T = 1.41 s. Uzito haujaingia popote. Bomba jepesi linakwenda polepole kuliko shafti nzito kwa sababu chuma chake kimekaa mbali na mhimili. Wanafunzi wengi hutabiri kinyume.

Linapokataa

Kipindi kikitoka kifupi kuliko hesabu, shuku kuteleza kwanza. Chuma kinapoachiwa kutoka pembe θ, msuguano unaohitajika ili kibingirike ni k/(1 + k) × m·g·sin θ, na bati linakisukuma kwa m·g·cos θ. Kwa hiyo kizio cha msuguano kisipungue (k/(1 + k))·tan θ. Kwa shafti hiyo ni theluthi ya tan θ: 0.06 kwa 10°, lakini 0.28 kwa 40°. Bomba linahitaji zaidi, 0.08 na 0.39. Bati kavu halina tatizo kwa pembe ndogo. Bati lenye mafuta linaweza kushuka hadi 0.1 hivi, na hapo ndipo pembe ya 20° tu inatosha kuiharibu kazi. Mstari wa chaki utakuambia: weka alama kwenye bati na kwenye chuma zikutane chini kabisa, ubembeze mara kumi, ukiache kitulie. Alama zisipokutana tena, kiliteleza. Osha pipa kwa sabuni, likauke.

Bembea kupungua kimo polepole si tatizo. Huko ni kupotea kwa nishati, na hakugusi kipindi kwa kiasi utakachokipima. Tatizo ni kipindi chenyewe kubadilika kadiri bembea inavyopungua. Kikirefuka kwa bembea ndogo, chini ya pipa pamebonyea na kuwa bapa. Kikifupika, pana mkunjo mkali zaidi pale chini. Sogeza chuma sehemu nyingine kati ya mikunjo, au zungusha nusu pipa kidogo kwenye mchanga, upime R upya.

Ukishapata imani na uzi wako, geuza kazi. Weka kopo la bati lililojaa maji hadi juu na kuzibwa, mradi lina ubavu laini usio na mistari, urefushe na kufupisha uzi hadi viende pamoja, kisha usome k = L/(R − r) − 1. Utapata namba iliyo chini sana ya ½. Bati linazunguka, lakini maji ya ndani karibu yote yamebaki yanasafiri tu bila kuzunguka.